Kasoro za Skrini: Kioo Kimeharibika au Ni Kebo?

Nukta moja nyeusi isiyotoka, mstari mwembamba uliosimama kutoka juu hadi chini, na ukungu wa mwanga unaojitokeza picha inapokuwa nyeusi ni kasoro tatu zinazowasumbua wenye runinga na kompyuta za LCD. Kwa kawaida zote tatu hutokana na kioo chenyewe au taa zilizo nyuma yake, na kubadilisha kebo au king'amuzi hakuziondoi. Zipo pia kasoro za aina nyingine, kama nukta zinazometameta na kuhama, picha inayokatika, au rangi iliyogeuka skrini nzima. Hizo mara nyingi huletwa na kebo au kifaa kinachotuma picha, na kioo huwa kizima.

Tofauti hiyo inagusa mfuko moja kwa moja. Kebo hununuliwa kwa bei ndogo, lakini kioo cha runinga mara nyingi hugharimu karibu sawa na runinga mpya. Kinachosaidia kuzitenganisha kasoro hizo ni umbo lake, kwa sababu sehemu inayoharibika huacha alama inayofanana na kazi yake. Kwa hiyo ni lazima kwanza kujua picha inapita wapi kabla ya kufika machoni.

Safari ya picha

Kioo cha LCD ni mabamba mawili membamba yaliyobana kimiminika maalumu, ambacho molekuli zake hugeuka zinapopata umeme. Nyuma yake kuna taa ndogo za LED zinazowaka muda wote, na kimiminika hicho hufanya kazi kama pazia: hufungua au kuziba njia ya mwanga. Picha yote huundwa na vinukta vinavyoitwa pikseli, na kila pikseli ina sehemu tatu, yaani nyekundu, kijani na bluu. Skrini yenye pikseli 1920 kwa upana na 1080 kwa kimo ina jumla ya pikseli 2,073,600, sawa na sehemu za rangi 6,220,800. Kila sehemu ina transista yake ndogo inayoiamuru ifungue au izibe.

Picha hutoka kwenye king'amuzi au kompyuta, hupita kwenye kebo ya HDMI, huingia kwenye bodi kuu ya runinga, kisha hupita kwenye kebo bapa ya ndani hadi kwenye bodi ndogo ambayo mafundi huiita T-CON. Katika safari hiyo yote picha husafiri kama maandishi yanavyosomwa: pikseli moja baada ya nyingine, mstari wa kwanza, kisha wa pili, hadi chini. Baada ya T-CON mambo hubadilika. Chipu ndogo zilizobandikwa kwenye ukingo wa kioo hugawa picha katika safuwima, na kila safuwima ya nukta hupata njia yake ya umeme inayoshuka kutoka juu hadi chini ya kioo. Chipu nyingine hushughulikia safumlalo.

Taa za nyuma haziko katika safari hiyo. Zina umeme wake na njia yake. Ndiyo maana kasoro ya taa haifanani kamwe na kasoro ya picha.

Nukta iliyokufa na nukta iliyokwama

Transista moja ikiharibika, kinachoathirika ni nukta yake peke yake. Matokeo yake huwa ya aina tatu. Pikseli inaweza kubaki nyeusi daima, ikabaki nyeupe daima, au sehemu moja tu ya rangi ikakwama ikiwa wazi au imezibwa. Aina hii ya tatu ndiyo inayoonekana kama kichembe chekundu, cha kijani au cha bluu juu ya picha nyeusi.

Nukta itakuwa nyeusi au nyeupe kulingana na namna kioo kilivyotengenezwa. Katika vioo vya aina ya TN, ambavyo vilitumika sana kwenye kompyuta mpakato za bei nafuu, nukta isiyopata umeme huachia mwanga upite, hivyo ikikosa umeme hung'aa. Katika vioo vya IPS na VA, nukta isiyopata umeme huziba mwanga, hivyo hubaki nyeusi.

Mtu akitaka kuhakikisha kwamba ni pikseli na si uchafu, aifute skrini kwa kitambaa laini kikavu, kisha aonyeshe picha za rangi moja tupu: nyeusi, nyeupe, nyekundu, kijani na bluu. Pikseli mbovu ina ukingo mkali, hukaa mahali pale pale, na huonekana katika baadhi ya rangi tu. Kipande cha vumbi kilichoingia nyuma ya kioo huonekana tofauti: ni kivuli chenye ukingo uliofifia, na hakina rangi.

Kebo haiwezi kuua pikseli moja. Kebo ikikosea, hukosea data inayopita wakati huo, na sekunde inayofuata kosa huangukia mahali pengine. Kwa hiyo nukta isiyohama ni ya kioo, na nukta inayohama si ya kioo.

Watengenezaji wenyewe hukubali kwamba kioo chenye mamilioni ya transista kinaweza kutoka kiwandani na nukta chache mbovu. Kiwango cha kimataifa cha ISO 13406-2 cha mwaka 2001 kiliweka madaraja, na daraja la pili lilivumilia pikseli 2 nyeupe, pikseli 2 nyeusi na sehemu 5 za rangi zilizokwama kwa kila pikseli milioni moja. Mwaka 2008 kiwango hicho kilifuatiwa na ISO 9241-307, ambacho kiliendeleza madaraja. Ndiyo sababu dhamana ya skrini mpya inaweza kukataa kubadilisha kioo chenye nukta moja tu.

Sehemu ya rangi iliyokwama wakati mwingine hurudi ikionyeshwa rangi zinazobadilika haraka kwa muda fulani, lakini transista iliyokufa hairudi. Kubonyeza nukta kwa kidole ni hatari, kwa sababu mgandamizo unaweza kuharibu nukta za jirani.

Mstari uliosimama

Mstari mmoja mwembamba unaoanzia juu kabisa na kuishia chini kabisa ni alama ya safuwima moja iliyopoteza njia yake ya umeme. Kwa nini usiwe wa HDMI? Katika picha 60 kwa sekunde zenye mistari 1080, runinga hupokea mistari 64,800 kila sekunde. Ili kebo itengeneze mstari uliosimama, ingelazimika kukosea mahali pale pale katika kila mmoja wa mistari hiyo, na kupona kabla na baada ya hapo, mara 64,800 kwa sekunde. Hakuna waya uliolegea unaoweza kufanya hivyo. Ndani ya HDMI hakuna waya wa safuwima. Safuwima huzaliwa kwenye ukingo wa kioo.

Hapo ukingoni ndipo palipo dhaifu. Chipu za safuwima hukaa juu ya vipande vya filamu laini, na filamu hiyo hushikizwa kwenye kioo kwa gundi yenye chembe zinazopitisha umeme. Joto, unyevu, mgandamizo au umri vikiachanisha gundi hata kidogo, njia moja au kadhaa hukatika. Ishara yake ni mstari unaokuja na kuondoka: huonekana runinga inapowashwa na kupotea ikishapata joto, au kinyume chake.

Upana wa alama husema mengi. Tuchukue runinga ya inchi 43. Skrini yake ina upana wa sentimita 95 hivi, hivyo pikseli moja ina upana wa nusu milimita. Mstari wa nusu milimita au chini yake ni safuwima moja. Ikiwa safuwima 5760 za rangi zimegawanywa kwa chipu sita, kila chipu hushughulikia 960, na chipu moja ikifa yote huacha pazia lenye upana wa sentimita 16 hivi, lenye kingo zilizonyooka. Maumbo hayo mawili yote ni ya ukingo wa kioo.

Umbo la tatu lina hukumu tofauti. Mistari mingi iliyopangwa kwa nafasi sawa kutoka upande mmoja hadi mwingine, nusu nzima ya skrini iliyoharibika huku nusu nyingine ikiwa safi, au rangi zilizovurugika sawasawa kila mahali, huelekeza nyuma zaidi, kwenye kebo bapa ya ndani au bodi ya T-CON. Sehemu hizo hubeba data ya safuwima nyingi kwa pamoja, hivyo kosa lake hujirudia kwa mpangilio. Hapo bado kuna tumaini, kwa kuwa kebo huweza kuchomolewa, kusafishwa na kurudishwa, na bodi hubadilishwa bila kugusa kioo.

Katika kompyuta mpakato, kebo ya ndani hupita kwenye bawaba za kifuniko na hukunjwa kila kifuniko kinapofunguliwa. Picha inayovurugika au kuzimika kifuniko kinaposogezwa, kisha ikarudi katika pembe fulani, huelekeza kidole kwenye kebo hiyo.

Ukungu wa mwanga

Ukungu wa mwanga ni mabaka ya weupe au kijivu yanayoonekana picha inapokuwa nyeusi, hasa gizani. Hutokea kwa sababu pazia la LCD haliwezi kuziba mwanga wote. Mahali ambapo kioo kimebanwa au karatasi za kusambaza mwanga zimejikunja, mwanga mwingi zaidi huvuja. Fremu iliyokaza, skrubu za kishikizo cha ukutani zilizofungwa kupita kiasi, au runinga iliyosafirishwa ikiwa imelazwa, yote huweza kuleta hali hiyo. Kwenye kompyuta mpakato, kubeba mzigo unaogandamiza kifuniko ndani ya begi huacha madoa meupe yanayoonekana zaidi picha ikiwa nyeupe.

Ukungu hupimwa ndani ya chumba chenye giza, kwa picha nyeusi na mwangaza wa kawaida wa kutazama, baada ya macho kuzoea giza kwa dakika chache. Picha ya simu si ushahidi mzuri, kwa kuwa kamera ikiwa gizani hukusanya mwanga kwa muda mrefu na kuufanya ukungu uonekane mzito kuliko ulivyo. Mtazamaji asogeze pia kichwa. Weupe wa pembeni unaobadilika kulingana na mahali jicho lilipo ni tabia ya kawaida ya vioo vya IPS, bali ukungu wa kweli hubaki mahali pake.

Kwenye runinga ambazo taa zake zimepangwa nyuma ya kioo chote, hutokea kasoro nyingine: duara jeupe lenye kung'aa, moja au kadhaa. Kila taa ya LED huwa na lenzi ndogo ya plastiki iliyogundishwa juu yake ili kutawanya mwanga. Lenzi ikidondoka, mwanga wote huelekea mbele na kuacha duara hilo. Kioo hapo hakina kosa. Fundi hufungua runinga na kugundisha lenzi upya au kubadilisha utepe wa taa.

Taa zikizimika kabisa, sauti hubaki lakini skrini huwa nyeusi. Mtu akimulika skrini kwa tochi kwa ukaribu na kuona picha hafifu ikicheza, basi kioo na njia ya picha ni vizima, na tatizo ni taa au umeme wake. Jaribio hilo dogo limeokoa runinga nyingi zilizodhaniwa zimekufa.

Kasoro za kebo na chanzo cha picha

HDMI ina pini 19, na picha hupita kwa tarakimu. Kebo inapoanza kushindwa, haipaki rangi hafifu kama kebo za zamani. Huonyesha nukta nyeupe au za rangi zinazometameta na kuhama, kisha picha hukatika kwa sekunde moja au mbili na kurudi, na mwisho hupotea kabisa. Mara nyingi hali huwa mbaya zaidi katika picha kubwa za 4K, kwa sababu data ni nyingi zaidi. Ukishusha ukubwa wa picha, nukta hupungua au hutoweka.

Kebo ya VGA, ambayo bado ipo katika ofisi na shule nyingi, hubeba kila rangi kwenye waya wake. Ikikatika ya bluu, skrini yote hugeuka njano; ikikatika ya nyekundu, hugeuka samawati ya kijani; ikikatika ya kijani, hugeuka zambarau. Rangi hugeuka skrini nzima, na kugusa plagi huirudisha kwa muda.

Majaribio kwa mpangilio

Jaribio la kwanza ni menyu ya runinga. Menyu huundwa ndani ya runinga yenyewe na haipiti kwenye HDMI. Mstari ukikatiza juu ya menyu, chanzo kiko ndani ya runinga. Menyu ikiwa safi huku picha nyuma yake ikiwa chafu, chanzo kiko nje. Jaribio la pili ni kuchomoa kebo zote. Kasoro ikibaki juu ya maandishi ya `No Signal`, king'amuzi na kebo havihusiki.

Kwa kompyuta, jaribio linalolingana na hilo ni kupiga picha ya skrini kwa kitufe cha `PrtSc` na kuifungua kwenye kifaa kingine. Picha hiyo huchukuliwa kabla data haijafika kwenye kioo. Ikiwa safi, kompyuta imetengeneza picha nzuri na tatizo liko mbele zaidi, kwenye kebo ya ndani au kioo. Kisha kompyuta iunganishwe na runinga ya nje. Kasoro ikionekana huko pia, chipu ya picha ndiyo ya kushukiwa. Kompyuta mpakato nyingi za Dell zina jaribio la ndani: kitufe cha `D` hushikiliwa huku cha kuwasha kikibonyezwa, na skrini huonyesha rangi tupu bila kutegemea chipu ya picha. Mstari ukionekana hapo, kioo ndicho kibovu.

Jaribio la mwisho ni la kugusa, na hufanywa kwa upole. Fremu ya juu ikigandamizwa kidogo karibu na mstari, na mstari ukapepesa, gundi ya filamu imeachia. Kufungua runinga ni kazi ya fundi, maana bodi ya umeme huhifadhi umeme wa hatari hata baada ya plagi kuchomolewa.

Mfano mmoja hadi mwisho

Runinga ya inchi 43 imetokewa na mstari wa kijani, sentimita 30 kutoka kushoto, na mwenyewe anashuku king'amuzi. Anafungua menyu kwa rimoti. Mstari unapita juu yake. Anachomoa HDMI na antena. Mstari upo bado. King'amuzi kimeondolewa lawamani kwa dakika mbili.

Anaonyesha picha za rangi tupu kutoka kwenye flashi. Juu ya nyeusi mstari ni wa kijani, juu ya nyekundu unaonekana wa njano, na juu ya nyeupe unatoweka. Maana yake ni kwamba safuwima moja ya kijani imekwama ikiwa wazi: juu ya nyeusi inang'aa peke yake, juu ya nyekundu inachanganyika na kuwa njano, na juu ya nyeupe kijani kinatakiwa kiwake, hivyo hakionekani kuwa kosa. Mstari una upana chini ya nusu milimita, na hakuna mingine iliyopangwa kwa nafasi sawa. Kebo bapa na T-CON kwa hiyo hazina sifa za mtuhumiwa.

Fundi anagandamiza fremu juu ya mstari, na mstari unapotea kisha unarudi. Gundi ya filamu imeachia kwenye njia moja. Akifungua runinga na kuweka kipande cha sponji kinachobana filamu, mstari unaweza kutulia kwa wiki au miezi, lakini hilo si tiba. Tiba ni mashine inayobandika filamu upya kwa joto na mgandamizo, kwa mafundi walio nayo, au kioo kipya. Kama mstari ni mmoja na hauongezeki, runinga yenyewe inaweza kutumika hivyo kwa muda mrefu.

Kwenye kompyuta mpakato uamuzi huwa rahisi zaidi, maana kioo hubadilishwa peke yake. Namba ya kioo husomwa kwenye karatasi iliyobandikwa nyuma yake, si kwenye jina la kompyuta, kwa sababu modeli moja inaweza kutoka kiwandani na vioo tofauti. Idadi ya pini za plagi, kwa kawaida 30 au 40, lazima ilingane, pamoja na ukubwa na mahali pa skrubu.

Mpaka wa maelezo haya ni vioo vya LCD. Skrini za OLED hazina taa za nyuma, kila nukta huwaka yenyewe, hivyo hazipati ukungu wa aina hii. Zenyewe huchakaa kwa njia nyingine, kwa picha isiyobadilika kuacha kivuli cha kudumu. Lakini hata huko jaribio la menyu na la kuchomoa kebo hubaki vilevile, kwa kuwa yanauliza swali moja tu: kasoro imeingia kabla ya skrini au ndani yake.